Waliorukwa katika Nasaba

Leo nataka tuzungumze juu ya nasaba za wafalme na wakubwa wa nchi, na hasa juu ya wale ambao nasaba hizo huwaruka: ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, dada, na watoto waliozaliwa wakafa kabla hawajajulikana.

Ukimwomba mzee wa aila ya kimalafyale, huku kwetu Rungwe, hapa Mpuguso au kule Selya, akutajie wakubwa waliomtangulia, atakutajia majina manane, au kumi, au zaidi kidogo, kwa sauti ya mtu asomaye barua aliyoihifadhi moyoni, na kila jina litakuwa la mwanamume, na kila mwanamume atakuwa amemzaa mwanamume mmoja tu, kana kwamba nchi hii iliwahi kuwa na sharti kwamba mkubwa akishapata mwana basi anyamaze. Na mzee huyo huyo, mkiendelea kuzungumza mpaka chai ipoe, atakueleza bila kuona tofauti yoyote kwamba babu yake alikuwa na wake wengi, kila mmoja na nyumba yake na ng'ombe wake. Wana wa nyumba hizo wako wapi? Nilimwuliza mzee mmoja suali hilo, nikamtajia msichana ambaye nilipata kumsikia kwa watu wengine. Akanijibu kwa upole, “Mwanangu, huyo yupo, lakini umeniuliza nani alishika nchi.”

Jibu hilo ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Mzee yule hakusahau wala hakudanganya. Nasaba ya utawala ni hoja ya haki, na kila jina lisilosaidia hoja huachwa nje kwa hekima ile ile ambayo wakili huacha nje maneno yasiyohusu kesi. Kwa hiyo mtu atakaye kuwajua walioachwa asipoteze muda wake kuibana nasaba ile ile itoe isichokuwa nacho. Bora atafute daftari nyingine, iliyoandikwa au iliyohifadhiwa kwa kumbukumbu, ambayo ilitengenezwa kwa haja nyingine.

Natuanze na Unguja, kwa kuwa huko tumebahatika kuwa na nasaba ya watawala pamoja na maneno ya mmoja wa wale walioachwa, tukaweza kupima moja kwa nyingine. Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1791, akatawala Omani na Unguja, alifariki dunia baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea Unguja kutoka Maskati. Aliacha watoto 36 walio hai, wana na mabinti. Mke wake wa ndoa aliyekuwa na hadhi kuu katika jumba, Bibi Azza binti Seif, hakuzaa naye. Watoto wote hao walizaliwa na masuria, wanawake waliotoka Uhabeshi, Uchirkasi, Mesopotamia na kwingineko, na kwa sheria ya Kiislamu mwana wa suria ambaye baba yake amemkubali ni mwana kamili, hapungukiwi na chochote mbele ya mwana wa mke wa ndoa. Suria naye akishazaa huwa ni mama wa mtoto, hauzwi tena, na bwana wake akifa huwa huru.

Sasa chukua karatasi yoyote ya nasaba ya masultani kama ilivyochapishwa katika vitabu vya taarikh, uhesabu watoto wa Seyyid Said waliomo. Utamkuta Thuweini aliyetawala Maskati, na Turki aliyetawala huko baadaye. Utamkuta Majid, na Barghash, na Khalifa, na Ali, ambao wote wanne walikaa katika kiti cha Unguja. Kisha utamkuta mmoja ambaye hakutawala popote, Muhammad. Hao ni saba. Muhammad ameingia kwa mlango wa nyuma: mwanawe Hamoud alipata usultani mwaka 1896, na ikawa lazima Hamoud aonyeshwe anatoka kwa nani. Kama Hamoud asingeuvaa ufalme, baba yake angelala pamoja na wale 29 waliobaki, ambao mchoraji wa karatasi hakuwa na haja nao. Hali kadhalika Harub bin Thuweini anajulikana leo kwa sababu tu ya mwanawe Khalifa, aliyetawala Unguja tangu 1911 mpaka 1960. Mtu huingia katika nasaba ya wafalme kwa kilichotokea baada yake, pengine baada ya kifo chake, na hilo ni jambo la ajabu kidogo, maana sote hudhani kwamba nasaba hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kumbe aghalabu huandikwa kwa kupanda, kutoka kwa aliyefanikiwa kwenda kwa waliomzaa.

Mabinti wote hawamo. Nao hawakuwa wachache, wala hawakuwa kimya. Alipofariki Seyyid Said, Majid alishika Unguja na Thuweini akabaki na Maskati, na haukupita muda Barghash akataka kumpindua Majid. Majid na Barghash ni wana wa baba mmoja, lakini kila mmoja alikuwa na mama yake, na kila mmoja alikuwa na dada wa tumbo moja: Majid alikuwa na Khaduji, Barghash alikuwa na Meje. Mwaka 1859, njama ya Barghash ilipogunduliwa, nyumba yake ikazungukwa na askari, dada zake wakaenda kumtoa. Wakamvika nguo za kike, wakapita naye katikati ya walinzi kama mwanamke mmoja miongoni mwa wanawake, naye akaenda kujiunga na watu wake shamba. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Meje, na Khole ambaye mama yake alikuwa mwingine kabisa. Na barua za siri za wapangaji njama ziliandikwa na msichana wa miaka 15, Salme, ambaye mama yake Mchirkasi alikuwa rafiki wa nyumba ya Majid na ambaye yeye mwenyewe alipata kulelewa humo. Njama ilishindwa, na Barghash akapelekwa Bombay kukaa huko kwa muda.

Karatasi ya nasaba inasema nini juu ya mambo hayo? Inasema Majid, kisha chini ya jina lake au kando yake, Barghash. Kwa kuwa mama zao hawakuandikwa, msomaji haoni kwamba jumba la mfalme lilikuwa nyumba nyingi zilizokaa chini ya dari moja, na kwamba mipaka ya nyumba hizo ilikuwa mipaka ya akina mama. Na kwa kuwa dada hawakuandikwa, haoni kwamba Meje alimfuata ndugu wa tumbo lake kama ilivyotarajiwa, ilhali Salme aliivuka mipaka hiyo akaenda upande ambao tumbo halikumtuma. Ukitaka kuelewa ugomvi wa ndugu wa kifalme, jambo la kwanza ni kujua nani na nani walinyonya ziwa moja. Walakini hilo ndilo jambo la kwanza ambalo karatasi hulifuta.

Huyu Salme ndiye aliyetupa maneno niliyoyataja. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Adeni, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Ruete, akaitwa Emily, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ndani yake ndugu zake wanatajwa kwa majina, na mara nyingi mama zao hutajwa walikotoka, nani aliishi Mtoni na nani aliishi jumba la pwani mjini, nani alipendana na nani. Kwa mwanafunzi wa nasaba ni johari, ijapokuwa mwandishi naye ana upande wake, na moyo wake kwa Barghash, aliyekataa kumpa haki yake ya urithi alipokuja tena Unguja mwaka 1885, haukuwa safi. Msomaji mwenye busara atapima maneno yake kwa kumbukumbu hiyo.

Naam, iko daftari nyingine ambayo wanahistoria wetu hawakuitumia kama inavyostahili, nayo ni ya mirathi. Katika sheria ya mirathi binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume, na watu wengi hukumbuka hiyo nusu tu. Lakini wewe unayetafuta waliorukwa angalia jambo lingine, kwamba ili kadhi ampe binti nusu, sharti kwanza amhesabu. Hawezi kugawa mali ya marehemu bila ya kuwajua warithi wote, wakubwa kwa wadogo, wa suria huyu na wa suria yule. Tena sheria hiyo huenda mbali zaidi kuliko wengi wanavyodhani: mtoto aliyezaliwa hai, hata kama alilia mara moja akafa, amekwisha kuwa mrithi, na fungu lake hupita kwake kwanza ndipo liende kwa warithi wake, ambao miongoni mwao ni mama yake. Kwa hiyo mtoto mchanga ambaye hakuna msomaji wa nasaba atakayemtaja kamwe, yaweza kuwa kwamba kilio chake kimoja kilihamisha shamba la mikarafuu kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na karani wa kadhi akalazimika kumwandika. Karatasi ya utawala huuliza nani alikaa katika kiti. Ya mirathi huuliza nani alipumua.

Tuje sasa kwenye mpangilio wa kuzaliwa. Watu wengi, kwa kuzoea kusoma habari za wafalme wa Uingereza, hudhani kwamba kila mahali mwana wa kwanza ndiye mrithi, na wakikuta nasaba inamtaja fulani kuwa mrithi, humwandika kuwa ndiye kifungua mimba. Unguja haikuwa hivyo. Mwaka 1844 Seyyid Said mwenyewe aliwaandikia Waingereza akiwaarifu kwamba atakayemfuata Omani ni Thuweini na atakayemfuata Afrika ni mwanawe mwingine, Khalid, ilhali mwanawe mkubwa Hilal alikuwa hai, mzima wa mwili, na amenyimwa yote mawili. Hilal alikwenda London mwaka 1845 kutafuta msaada, hakufua dafu, akafia Adeni mwaka 1851. Khalid naye akafa mwaka 1854, baba yake angali hai, na ndipo zamu ikamwangukia Majid, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa mdogo kwa Thuweini. Thuweini hakukubali, na mwaka 1861 Gavana Mkuu wa Uhindi, Lodi Canning, akaamua kwamba nchi mbili zitengane, na Unguja ilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Ukichora nasaba kwa watawala peke yao, Hilal na Khalid hawamo, na Majid anaonekana kana kwamba alizaliwa akiwa mrithi. Ukiwarudisha wale wawili, unaona mara moja kwamba kila hatua ilikuwa na mgogoro.

Na kuna upotofu wa pili, mkubwa zaidi, ambao hutokea ndugu wanapotawala kwa kufuatana. Tangu Majid mpaka Jamshid bin Abdulla, aliyeondoka kwa Mapinduzi ya Januari 1964, walikaa katika kiti cha Unguja watu 11, nikimhesabu na Khalid bin Barghash ambaye mwezi Agosti 1896 alikaa siku chache tu mpaka manowari za Waingereza zikamtoa. Hebu tufikirie kwamba karatasi zote zimeungua, na kilichobaki ni majina hayo 11 kinywani mwa mzee, baada ya miaka 200. Msikilizaji wa zama hizo atayapokea kama sisi tunavyoyapokea majina ya wakubwa wa kale: Majid akamzaa Barghash, Barghash akamzaa Khalifa, Khalifa akamzaa Ali, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Atapata vizazi 11 baada ya Said. Ukweli ni kwamba vizazi ni vitano tu. Majid, Barghash, Khalifa na Ali ni kizazi cha kwanza. Hamed bin Thuweini, Khalid bin Barghash na Hamoud bin Muhammad ni wajukuu. Ali bin Hamoud na Khalifa bin Harub ni vitukuu. Kisha Abdulla, kisha Jamshid. Ukihesabu na Said mwenyewe, ni mara nne tu ambapo mwana alimfuata baba yake moja kwa moja: Majid baada ya Said, Ali baada ya Hamoud, Abdulla baada ya Khalifa, na Jamshid baada ya Abdulla.

Kosa hilo hutambulikaje? Hutambulikana kwa hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi aiweza. Toka kuzaliwa kwa Said, 1791, mpaka kuzaliwa kwa Jamshid, 1929, ni miaka 138. Igawe kwa vizazi vitano, utapata takriban miaka 28 kwa kila kizazi, nayo ni kadiri inayokubalika, maana wafalme huzaa ujanani na uzeeni na wastani wake huangukia hapo karibu na 30. Igawe kwa vizazi 11, utapata miaka 12 na ushei, na hakuna ukoo wa binadamu ambao baba humzaa mwanawe akiwa na miaka 12 mara 11 mfululizo. Basi ukikutana na orodha yoyote ya wakubwa ambayo, ukiifungamanisha na tarehe mbili unazoziamini, inakupa chini ya miaka 20 kwa kizazi, usimwite mzee mwongo. Mwulize kwa adabu ni wapi ndugu waliketi mmoja baada ya mwingine.

Niongeze mfano mmoja wa binti, kabla sijapanda milima kurejea nyumbani. Ali bin Hamoud alipojiuzulu mwaka 1911, aliyemfuata alikuwa Khalifa bin Harub, na ukitazama karatasi ya wanaume utaona umbali mkubwa baina yao, mmoja wa tawi la Muhammad na mwingine wa tawi la Thuweini, wakikutana kwa Said peke yake. Mwandike Matuka binti Hamoud, dada yake Ali, na umbali huo unatoweka, kwa sababu Matuka alikuwa mke wa Khalifa. Usultani uliondoka kwa Ali ukaenda kwa shemeji yake. Jina moja la mwanamke, nalo laeleza yale ambayo majina kumi ya wanaume hayakuweza.

Sasa huku kwetu. Wanyakyusa hatukuwa na kadhi wala karani, na utawala wetu ulikuwa na sura yake. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa katika wilaya hii miaka ya 1930 wakichunguza mila zetu, waliandika kwamba kila kizazi, wana wa malafyale walipopevuka pamoja na vijana wa rika lao, ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambapo nchi ya baba iligawanywa pande mbili na kukabidhiwa wana wawili, kila mmoja wa mama yake, pamoja na amafumu wao waliochaguliwa miongoni mwa raia. Angalieni jambo hili: mila yenyewe ilisema kwamba wana wa kukumbukwa ni wawili, na kwamba lazima wawe ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Ndugu wengine wote, hata akiwamo aliyetangulia kuzaliwa, walishuka polepole, na wajukuu wao wakahesabiwa miongoni mwa raia, wakalima na kuchunga kama wengine, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyahifadhi majina yao katika nasaba ya nchi.

Hapo napo hesabu inatufaa. Kama kweli kila nchi iligawanyika mbili katika kila kizazi bila kukosa, basi baada ya vizazi kumi malafyale mmoja angekuwa amezaa abanyafyale 1,024, na bonde lote toka Rungwe mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa halikufika hata karibu na idadi hiyo. Ni dhahiri kwamba nyingi ya pande hizo zilikufa, au zilimezwa na jirani, au hazikugawanywa kamwe kwa kukosa ardhi; na mwanachuoni aitwaye Charsley, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya wakubwa wa Wanyakyusa, aliihoji picha ile nadhifu ya akina Wilson. Mimi naona kwamba mila ilikuwa kweli kama sharti la jinsi mambo yapasavyo kuwa, na nasaba zikapunguzwa na kunyooshwa baadaye ili zilingane na sharti. Ndugu wa tatu aliyenyakua upande kwa mkuki, katika kusimuliwa, hugeuzwa kuwa mmoja wa wale wawili. Na ndugu aliyeshindwa huachwa, au huambiwa alihama akaenda mbali.

Tena kuna urithi wa ndugu. Kwa mila yetu mtu alipofariki, mali na cheo cha nyumba vilikwenda kwanza kwa mdogo wake wa tumbo moja, na vikaendelea hivyo mpaka ndugu wakaisha, ndipo virudi kwa mwana wa mkubwa. Na aliyerithi alishika mahali pa marehemu, wake zake na watoto wake wakiwa chini yake, na watoto wakimwita tata kama walivyomwita yule wa kwanza. Mtoto wa mtoto huyo, akiulizwa leo babu yake ni nani, atajibu kwa haki kabisa jina la mrithi, na kwa ulimi mmoja tu ndugu wawili wamekuwa mtu mmoja. Unguja ndugu wanne waligeuka kuwa vizazi vinne. Kwetu ndugu wawili au watatu wanaweza kugeuka kuwa mmoja. Orodha ya kule hurefuka, ya huku hufupika, na kisababishi ni kile kile cha kuwasahau ndugu.

Basi daftari yetu ya mirathi iko wapi? Iko kwa ng'ombe. Mwulize mzee juu ya nasaba atakupa wanaume kumi. Mwulize juu ya ng'ombe na uone. Ng'ombe wa mahari ya mama yako walitoka wapi? Walitoka kwa mahari ya shangazi fulani, aliyeolewa kwa fulani, na mmoja wao alikuwa deni la nyumba ya mke wa pili, lililolipwa alipoolewa binti wa nyumba hiyo. Mara moja unao shangazi kwa majina yao, na nyumba za akina mama kwa mpangilio wake, na nani ni ndugu wa tumbo moja na nani wa baba tu, kwa sababu ndugu wa baba mmoja waliunganishwa au wakagombanishwa na ng'ombe hao, na deni la ng'ombe halikufa kwa kufa mtu. Nimewaona wazee waliochoka na masuali ya wakubwa wa nchi wakikaa wima na kuchangamka, mikono ikionyesha rangi ya ng'ombe na upinde wa pembe, wakimtaja kila dada aliyewaleta.

Kwa hiyo, vijana mnaoandika siku hizi nasaba za aila zenu katika daftari au katika simu zenu, nawashauri msianze na suali la nani alimzaa nani. Anzeni na akina mama: tajeni mke wa kwanza, na mahali nyumba yake ilipokuwa, kisha wa pili, kisha wa tatu, halafu ingieni kila nyumba peke yake, muulize mimba ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, nani alikuwa mgongoni wakati nani anaota meno. Kisha wekeni miaka, hata kwa kukisia, mkitumia vita vya 1914 na mambo mengine ambayo kila mtu huyakumbuka. Kwa akina mama wa zamani, walionyonyesha kwa muda mrefu, watoto walifuatana kwa miaka miwili mitatu. Mkikuta katika nyumba moja watoto wawili wametengana kwa miaka sita au saba, hapo pana uwezekano wa mtoto aliyezikwa, na mwanamke mzee wa nyumba hiyo, akiulizwa peke yake na kwa heshima, pengine atalitaja jina ambalo halijatamkwa kwa miaka mingi.

Nasema pana uwezekano, kwa sababu pengo lina sababu nyingine pia, na mchunguzi mwenye haraka hujaza kaburi mahali pasipo na maiti. Babu zetu wengi walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, upande wa Chunya, na wengine wakaenda kusini kwenye migodi, wakakaa huko miaka. Na katika nyumba ya wake wengi, mke aliyekosana na bwana angeweza kurudi kwao kwa muda mrefu bila talaka. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba mtoto alikufa, muulizeni bibi kwanza suali jepesi zaidi, nalo ni kwamba miaka ile mumewe alikuwa wapi.